Kabati la Packstation linapokataa namba yako au muda wa kuchukua mzigo unapopita

Waswahili wengi wanaoishi Ujerumani hupokea mizigo yao kwenye makabati ya manjano ya kampuni ya DHL yanayoitwa Packstation. Makabati hayo yalianza kwa majaribio mwaka 2001 katika miji ya Dortmund na Mainz, na leo yako zaidi ya 10,000 nchini humo, kwenye maegesho ya maduka makubwa, vituo vya treni na pembeni mwa barabara. Mzigo ukishawekwa ndani hukaa siku 7 za kalenda, Jumapili na sikukuu zikihesabiwa, kisha hurudishwa kwa aliyeutuma. Kwa kuwa muda ni mfupi hivyo, namba ya kufungulia inayokataliwa Jumamosi jioni inaweza kugeuka mzigo uliopotea kufikia katikati ya wiki, hasa ikiwa mwenye mzigo alianza kutafuta tatizo mahali pasipo nalo.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu zimeanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi hadi ile ya nadra. Usiruke hatua za mwanzo kwa kuona kwamba ni rahisi mno, kwa sababu makosa mengi huishia hapo.

Dalili ya kwanza: namba ya kufungulia haijafika

Anza kwa kusoma hali ya mzigo kwa namba ya ufuatiliaji kabla ya kulaumu simu. Namba ya kufungulia, ambayo kwenye skrini huitwa Abholcode, haitolewi mzigo unapofika mjini wala unapopakiwa kwenye gari la msambazaji, bali hutolewa pale tu msambazaji anapouweka ndani ya kabati na kufunga mlango wake. Ujumbe wa asubuhi unaosema kwamba mzigo utafika leo ni taarifa ya safari tu, na ukienda kabatini ukiwa nao hutafungua kitu.

Ikiwa siku imepita na hakuna kilichofika, sababu ya kawaida kabisa ni kwamba muuzaji ametumia kampuni nyingine. Packstation hupokea mizigo ya DHL peke yake. Hermes, DPD, GLS na UPS hawana njia ya kuweka mzigo humo, kwa hiyo mzigo uliotumwa nao kwa anwani ya Packstation huzunguka siku mbili tatu na kurudi ulikotoka. Tazama jina la msafirishaji kwenye barua pepe ya muuzaji. Ikiwa si DHL, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo umpe anwani ya nyumbani, ukikumbuka kwamba mara nyingi yeye ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha anwani baada ya mzigo kuondoka.

Sababu inayofuata ni anwani iliyoandikwa nusu. Kila mteja aliyejiandikisha ana namba yake binafsi, iitwayo Postnummer, na hiyo ndiyo inayoiambia mashine kwamba mzigo ni wa nani. Fomu nyingi za madukani mtandaoni hazina nafasi yake, na watu huiacha au huiandika kwenye sehemu ambayo haichapishwi kwenye lebo. Anwani sahihi husomeka hivi, mstari kwa mstari:

```
Jina Kamili
1234567890
Packstation 123
04109 Leipzig
```

Mstari wa pili ni Postnummer, na wa tatu ni namba ya kabati lenyewe. Mzigo usio na Postnummer hauna mwenyewe machoni pa mashine, na kwa kawaida hurudishwa.

Jina nalo lina hila zake kwetu sisi. Mtu aliyejiandikisha kwa majina matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, kisha akaagiza kwa jina analoitwa nyumbani au kwa jina la mumewe ambalo halimo katika hati yoyote, anajitafutia usumbufu. Mzigo ukiishia dirishani kwa mhudumu badala ya kabatini, utaulizwa kitambulisho, na mhudumu hatakubali kwamba Mama fulani ndiye yule aliyeandikwa vingine kwenye pasipoti. Tumia jina moja kila mahali, lile la hati.

Dalili ya pili: una namba, lakini kabati linaikataa

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba umesimama mbele ya kabati lenyewe. Hili hutokea kuliko watu wanavyodhani. Mtaa mmoja unaweza kuwa na makabati mawili yenye rangi ileile na umbo lilelile, mojawapo namba 123 na jingine 132, na namba ya kufungulia hufanya kazi kwenye moja tu. Tena, kabati ulilolichagua likiwa limejaa, au mzigo ukiwa mkubwa kuliko kisanduku kikubwa kabisa, ambacho hupokea mzigo wa takriban sentimita 75 kwa 60 kwa 40, msambazaji huupeleka kabati jingine au ofisi ya posta iliyo karibu, ambayo kwenye ujumbe huitwa Filiale. Ujumbe hueleza hivyo, lakini macho yetu husoma neno Packstation na kuruka namba. Soma namba ya kabati iliyo kwenye ujumbe, kisha soma ile iliyoandikwa juu ya kabati, na uhakikishe zinafanana tarakimu kwa tarakimu.

Pili, hakikisha unaingiza namba inayotakiwa. Katika safari ya mzigo mmoja kuna namba tatu zinazochanganywa: namba ndefu ya ufuatiliaji, Postnummer yako ambayo haibadiliki, na Abholcode ambayo ni ya kuchukulia. Mzigo mpya una namba mpya ya kuchukulia, na namba iliyokufungulia wiki iliyopita imeshakufa. Ikiwa umepiga picha ya skrini ili usihangaike na mtandao ukifika, angalia kwamba si picha ya mzigo uliopita. Mistari ya kusomwa na mashine pia hushindwa kusomeka skrini ya simu ikiwa na mwanga hafifu au kioo kilichopasuka; ongeza mwanga hadi mwisho, futa kioo, na sogeza simu taratibu mbele ya jicho la mashine badala ya kuigandamiza juu yake.

Tatu, na hii ndiyo inayowaumiza watu zaidi, ni simu mpya. Wengi hudhani namba hufuata laini, kwa hiyo wakihamisha laini wanaamini wamehamisha kila kitu. Sivyo. Programu ya Post & DHL hukifanya kifaa chenyewe kuwa ufunguo: unaidhinisha simu fulani mara moja, na ni simu hiyo ndiyo inayoonyesha namba za kufungulia. Ukiingia kwa simu mpya kwa nywila ileile, utauona mzigo wako na tarehe yake ya mwisho, lakini namba haitaonekana hadi uidhinishe simu hiyo upya. Njia ya kawaida ya kuidhinisha ni barua yenye namba ya uanzishaji, inayotumwa kwenye anwani yako ya makazi, na barua huchukua siku kadhaa kufika.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Leipzig aliyeagiza viatu vya baridi. Mzigo umewekwa kabatini siku ya Alhamisi, na programu inaonyesha kwamba mwisho wa kuuchukua ni Alhamisi inayofuata. Jumamosi simu yake inaanguka, kioo kinakuwa cheusi, na jioni hiyo ananunua simu nyingine. Jumapili anaingia kwenye programu na kukuta mzigo bila namba, anaomba barua ya uanzishaji, na kuanza kungoja. Barua ikitoka Jumatatu, ni bahati kufika Jumatano, na ikichelewa siku mbili tu mzigo umeshaondoka. Kumtegemea msambazaji wa barua peke yake katika hesabu hiyo ni kucheza kamari. Jambo alilopaswa kuliona ni kwamba simu ya zamani bado ndiyo ufunguo, maana kilichovunjika ni kioo, si kumbukumbu yake. Akiipeleka kwa fundi wa simu Jumatatu na kubadilisha kioo, Jumanne anafungua kabati kwa simu ileile, na barua ikifika baadaye anaitumia kuidhinisha simu mpya kwa mizigo ijayo. Ndiyo maana ninasisitiza: usifute wala usiuze simu ya zamani hadi simu mpya iwe imeonyesha namba ya kufungulia kwa macho yako.

Ikiwa simu ya zamani imeibwa au imekufa kabisa, fanya mambo mawili siku ileile. Omba barua ya uanzishaji, kisha piga namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa kwenye kabati, uwaeleze tarehe ya mwisho na uulize kama kuna njia nyingine ya kuupata mzigo huo kabla ya tarehe hiyo. Wakati huohuo mwarifu muuzaji, ili mzigo ukimrudia asichukulie kwamba umeukataa.

Mwisho kuna makabati yasiyo na skrini, ambayo hufunguliwa kwa simu pekee kupitia Bluetooth. Hapa kukataliwa huwa ni kwa simu kutoliona kabati. Washa Bluetooth, iruhusu programu itumie Bluetooth na mahali ulipo, kwa kuwa simu nyingi za Android za zamani haziwezi kutafuta kifaa cha karibu bila ruhusa ya mahali, kisha simama hatua moja au mbili kutoka kabatini. Isipopatikana, zima Bluetooth na uiwashe tena, halafu funga programu kabisa na uifungue upya. Fungua programu hiyo nyumbani kabla ya kutoka, ukiwa na mtandao, ili taarifa za mzigo ziwe zimeshapakuliwa, kwa sababu mahali pengine makabati haya yamewekwa penye mtandao dhaifu.

Ukishajaribu mara tatu kwa uangalifu, acha. Kurudia bila kubadilisha chochote hakuleti jibu jipya. Piga picha ya ujumbe wa kosa pamoja na namba ya kabati, kisha piga simu.

Dalili ya tatu: namba imekubaliwa, lakini mlango haukufunguka au kisanduku ni kitupu

Mlango usiofunguka mara nyingi umebanwa na mzigo uliojazwa kwa nguvu au, wakati wa baridi, na barafu kwenye ukingo. Sikiliza kama kufuli limelia. Kama limelia, bonyeza mlango kwa kiganja karibu na kufuli kisha achia, nao kwa kawaida huruka wenyewe. Tazama pia makabati ya pembeni na ya chini, kwani mlango unaofunguka huweza kuwa mbali na skrini, na watu huondoka wakidhani hakuna kilichofunguka huku nyuma yao mlango ukiwa wazi kwa yeyote apitaye.

Usitumie bisibisi, kisu wala kadi kuchokonoa mlango, hata kama mzigo unaonekana kwa ndani. Kabati ni mali ya kampuni, na mtu anayelichokonoa usiku ana maelezo magumu ya kumpa polisi, mzigo uwe wake au usiwe wake. Hapa ndipo pa kusimama na kupiga simu.

Kisanduku kikifunguka kikiwa kitupu, au kikiwa na mzigo wa mtu mwingine, usiharakishe kukifunga. Kwenye kumbukumbu za kampuni, mlango kufunguka kwa namba yako kunaweza kuhesabiwa kwamba mzigo umekabidhiwa, na ushahidi ulio nao ni ule utakaoukusanya dakika hiyo. Piga picha ya ndani ya kisanduku mlango ukiwa wazi, piga nyingine inayoonyesha skrini na namba ya kabati, andika saa, na upige simu ya huduma ungali umesimama hapo. Mzigo wa mtu mwingine usiuchukue kwa nia ya kumpelekea. Uache ndani na utoe taarifa. Kisha mwandikie muuzaji kwamba mzigo haukukufikia. Ukinunua kama mlaji kutoka kwa mfanyabiashara wa Ujerumani, kwa kawaida hasara ya mzigo uliopotea njiani ni ya muuzaji hadi utakapokabidhiwa, na yeye ndiye anayepaswa kuisukuma kampuni ya usafirishaji ifanye uchunguzi, kwa kuwa mkataba wa kutuma ni wake.

Dalili ya nne: muda unakaribia na huwezi kwenda

Usitegemee kuongezewa siku kwenye kabati. Kinachowezekana ni kumtuma mtu. Kwa kabati la skrini, yeyote mwenye namba ya kufungulia atafungua, jambo linalorahisisha kumtuma unayemwamini, na kwa sababu hiyohiyo namba hiyo hapewi mtu anayekupigia simu akidai ni wa DHL, wala haiandikwi kwenye kiungo kilichokuja kwa ujumbe wa kuomba ada ndogo. Ujumbe wa namna hiyo ni wa wezi.

Ikiwa mzigo uko Filiale, unayemtuma anahitaji kadi ya taarifa au ujumbe wa mzigo, idhini yako ya maandishi iliyotiwa saini, ambayo huitwa Vollmacht na ina nafasi yake kwenye kadi ya taarifa, pamoja na kitambulisho chake. Ukienda mwenyewe, chukua pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, kwa sababu wapo wahudumu wanaosita kukubali kadi ya ukaazi peke yake.

Dalili ya tano: muda umepita

Soma kwanza hali ya mzigo. Neno Rücksendung, au maelezo kwamba mzigo unarudi kwa Absender, yaani mtumaji, maana yake ni kwamba umeshaondoka, na kwenda kabatini ni kupoteza nauli. Ikiwa hali bado haijabadilika, piga simu mara moja uulize mzigo uko wapi hasa, kabla ya kufunga safari.

Mzigo ukishaanza kurudi, kazi yote inahamia kwa muuzaji, na hapa kuna kosa moja linalowagharimu watu fedha nyingi. Wengi huamini kwamba kutochukua mzigo ni sawa na kughairi ununuzi, hivyo hukaa kimya wakingoja fedha zirudi. Sheria ya Ujerumani haisemi hivyo tangu mabadiliko ya mwezi Juni 2014. Mnunuzi wa mtandaoni ana haki ya kughairi ndani ya siku 14, lakini kifungu cha 355 cha kanuni ya sheria za kiraia kinataka uamuzi huo utamkwe waziwazi kwa muuzaji. Kuuacha mzigo urudi bila neno hakutoshi. Muuzaji anaweza kukaa na bidhaa, akaendelea kukudai kama ulikuwa hujalipa, au akakutoza gharama ya kuituma tena.

Kwa hiyo amua unataka nini kabla ya kuandika. Kama bado unataka bidhaa, mwandikie muuzaji kwamba mzigo umerudi kwa kuwa hukuweza kuuchukua kwa wakati, mpe anwani utakayokuwepo, na uulize gharama ya kutuma mara ya pili, ambayo kwa haki ni yako ikiwa kosa lilikuwa lako. Kama huitaki tena, andika barua pepe yenye neno Widerruf, namba ya oda, tarehe ya oda na jina lako, ukisema kwa sentensi moja kwamba unaghairi mkataba huo. Hakuna haja ya kueleza sababu. Hifadhi nakala na tarehe ya kutuma. Muda wa siku 14 huanza kuhesabiwa unapopokea bidhaa, lakini hakuna faida yoyote ya kungoja, na unaweza kughairi hata kabla ya kuipokea.

Maduka mengine hurudisha fedha yenyewe mzigo ukiwarudia, na jambo hilo ndilo lililowazoesha watu kukaa kimya. Hiyo ni hisani ya duka husika, si kanuni ya kumdai jirani yake.

Mzigo uliotumwa na ndugu, bila duka katikati, hauna sheria ya kughairi. Anayeweza kuudai ni mtumaji, kwa risiti yake na namba ya ufuatiliaji. Mpigie mapema umweleze kwamba unarudi kwenye anwani aliyoiandika kwenye lebo. Ikiwa aliandika anwani ya hosteli aliyokwisha kuhama, apige simu ya huduma kabla mzigo haujafika huko.

Yako mambo yasiyofaa kuendelea kupambana nayo peke yako. Kampuni ikisema umekabidhiwa mzigo ambao hukuupata, au ikikaa kimya baada ya malalamiko yako ya maandishi, mtumaji au mpokeaji anaweza kupeleka shauri kwa Schlichtungsstelle Post, ofisi ya usuluhishi iliyo chini ya Bundesnetzagentur, mamlaka ya serikali inayosimamia huduma za posta, bila malipo, mradi awe amejaribu kwanza kuelewana na kampuni. Muuzaji akikataa kughairi kwako, au barua ya wakala wa kukusanya madeni ikifika mlangoni, usiilipe na usiitupe. Ipeleke pamoja na barua pepe zako zote kwa Verbraucherzentrale ya jimbo lako, ambako washauri wa haki za walaji hutoa ushauri kwa ada ndogo, na zingatia tarehe ya kujibu iliyoandikwa. Barua yenye bahasha ya manjano inayotoka mahakamani ni jambo jingine kabisa: muda wa kupinga dai la namna hiyo ni wiki mbili tangu ilipokabidhiwa, na siku ileile unapoipata ndiyo ya kumtafuta mwanasheria.